Kodi P0171 kwenye Toyota: soma sensa ya hewa na sensa ya oksijeni kabla ya kununua kifaa

Gari limewasha taa ya injini, likipanda mlima halivuti, na mashine ya kupimia imetoa kodi P0171. Kinachofuata mara nyingi ni kubadilisha sensa ya oksijeni. Taa inazimwa, gari linatembea siku chache, taa inarudi. Sensa mpya imekutana na tatizo lilelile na imetoa taarifa ileile, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inasema kweli.

P0171 maana yake ni kwamba kontroli boksi imeongeza mafuta hadi ikafika kikomo ilichopangiwa, na bado moshi unaonyesha hewa imezidi. Kodi haikutajii kifaa kilichoharibika. Inakuambia hesabu imekataa kulingana, na kazi yako ni kutafuta namba ipi kwenye hesabu hiyo ni ya uongo. Mwongozo huu unafuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano wa Toyota IST ya sisi 1500 yenye injini ya 1NZ-FE, gari lililojaa Arusha na Moshi. Utaratibu ni uleule kwa Toyota nyingine zenye sensa ya hewa kwenye bomba la ea klina.

Hesabu inayofanywa na kontroli boksi

Sensa ya hewa ina waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoonyesha ni gramu ngapi za hewa zimeingia kwa sekunde. Sensa haipimi kasi ya upepo, inapima uzito wa hewa. Tutarudi kwenye hilo tukifika kwenye suala la mwinuko.

Chukua injini ikiwa kwenye sailensi, mizunguko 700 kwa dakika, na sensa inasoma gramu 2.4 kwa sekunde. Injini ya silinda nne huvuta hewa mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo inavuta mara 1,400 kwa dakika, sawa na kama mara 23 kwa sekunde. Gawanya 2.4 kwa 23, unapata takribani gramu 0.10 za hewa kwa kila mvuto. Petroli inaungua sawasawa kwa gramu moja ya mafuta kwa gramu 14.7 za hewa, kwa hiyo nozeli inatakiwa kutoa miligramu 7 hivi. Kontroli boksi inageuza namba hiyo kuwa muda wa kufungua nozeli, basi. Hakuna mahali inapoyapima mafuta yenyewe. Inaamini kwamba nozeli iko safi na presha ya mafuta ni ile iliyopangwa kiwandani.

Sensa ya oksijeni iko kwenye egzosti, kabla ya masega yanayosafisha moshi, na kazi yake ni kukagua matokeo. Hewa ikizidi kwenye moshi, voltí inashuka kuelekea 0.1. Mafuta yakizidi, inapanda kuelekea 0.9. Injini ikiwa ya moto na mambo yako sawa, voltí inapanda na kushuka bila kutulia, kwa sababu kontroli boksi inaongeza mafuta kidogo, inapunguza, inaongeza tena. Kiasi inachoongeza au kupunguza papo kwa papo ni marekebisho ya muda mfupi. Yakidumu upande mmoja, inayahamishia kwenye marekebisho ya muda mrefu, ambayo yanabaki kwenye kumbukumbu hata ukizima gari.

Sasa fikiria sensa ya hewa imechafuka. Hewa halisi ni gramu 2.4, yenyewe inasoma 2.0. Mafuta yanatolewa kwa ajili ya hewa ya gramu 2.0 tu. Sensa ya oksijeni inaona hewa imezidi, na kontroli boksi inalazimika kuongeza asilimia 20 ili mambo yakae sawa. Hiyo asilimia 20 ndiyo ushahidi utakaoutafuta kwenye kioo cha mashine.

Kabla ya kugusa chochote

Unahitaji mashine inayoonyesha namba zinazobadilika injini ikiwaka. Ile inayosoma na kufuta kodi peke yake haitoshi. Jihadhari na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu: Toyota nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina soketi ya kawaida lakini haziongei lugha ambayo kifaa hicho kinaijua, na kinakataa kuunganisha. Hapo usihitimishe kwamba kontroli boksi ni mbovu. Tafuta mashine yenye programu ya Toyota za Japani. Andaa pia bisibisi ya nyota, chupa ya kupulizia maji, kitambaa cheupe, na kopo la spirei ya kusafishia sensa ya hewa, lenye neno MAF kwenye lebo.

Usifute kodi kwanza. Pamoja na kodi, kontroli boksi huhifadhi picha ya namba zilivyokuwa taa ilipowaka: joto la maji, mizunguko, mwendo na marekebisho. Ukifuta, picha inapotea. Kama picha inaonyesha gari lilikuwa limesimama, injini ya baridi, mizunguko 800, unatafuta kitu tofauti kabisa na picha ya gari lililokuwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Andika namba hizo kwenye karatasi au zipige picha kwa simu.

Hatua ya kwanza: namba mbili, sehemu mbili

Washa injini ipate moto hadi maji yafike nyuzi 80 au zaidi. Zima eyasi, taa na redio. Hakikisha mashine inaonyesha kwamba kontroli boksi sasa inaitumia sensa ya oksijeni. Kwenye mashine nyingi inaandikwa CL. Kama bado ni OL, namba za marekebisho hazina maana, subiri.

Soma marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu kwenye sailensi, ukiacha dakika mbili zipite. Kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja na usome tena. Jumlisha muda mfupi na muda mrefu, kwa sababu namba moja peke yake inadanganya: gari lililokwisha kujifunza linaweza kuonyesha muda mfupi sifuri huku muda mrefu ukiwa asilimia 22.

IST ya mfano wetu ilitoa hivi, ambapo SHORT FT ni muda mfupi, LONG FT ni muda mrefu, MAF ni sensa ya hewa na O2S B1S1 ni sensa ya oksijeni ya mbele:

```
             Idle      2500 rpm
SHORT FT #1  +3 %      +9 %
LONG FT #1   +6 %      +18 %
MAF          2.1 g/s   5.6 g/s
O2S B1S1     0.1-0.8 V 0.1-0.7 V
```

Jumla kwenye sailensi ni asilimia 9, na kwenye mizunguko 2,500 ni asilimia 27. Jumla isiyozidi 10, juu au chini, ni hali ya kawaida ya gari lililotumika. Kwa hiyo gari hili likiwa limetulia liko karibu na sawa, na hali inaharibika hewa inapoongezeka.

Mwelekeo huo una uzito kuliko namba yenyewe. Ukiuelewa, nusu ya kazi imekwisha.

Mpira uliopasuka baada ya throto, au gaskiti ya manifoldi inayovujisha, huingiza hewa ambayo sensa haikuiona. Tuseme tundu linaingiza gramu 0.4 kwa sekunde. Kwenye sailensi, ambapo injini nzima inatumia gramu 2.4, hiyo ni sehemu kubwa, kama asilimia 17. Kwenye mizunguko 2,500, injini ikitumia gramu 7, gramu 0.4 hizohizo ni asilimia 6 tu. Ndiyo maana hewa ya wizi inaonekana vibaya kwenye sailensi na kupungua ukikanyaga mafuta.

Sensa chafu hufanya kinyume. Vumbi linaufunika waya kama shati, hewa inashindwa kuupoza inavyostahili, na pengo linakua kadiri hewa inavyozidi kupita. Presha ndogo ya mafuta nayo hufanya hivyohivyo: kwenye sailensi pampu iliyochoka inatosheleza, kwenye mlima inashindwa. Vitu viwili, dalili moja. Tutavitenganisha mbele kwa kipimo kimoja.

Kama jumla iko juu sehemu zote mbili kwa kiasi kinachofanana, angalia kwanza mpira mnene ulio kati ya sensa ya hewa na throto. Huo unapasuka chini, kwenye mikunjo, na ukiutazama kwa juu hauoni kitu. Ulegeze, uukunje kwa mkono, uuvute kila upande. Ufa unaojifungua injini inapojivuta kwenye rabamaunti unaweza kuwasha taa ukiwa barabarani na usionekane kabisa gereji.

Hatua ya pili: ihoji sensa ya oksijeni

Kabla ya kuamini kwamba hewa imezidi, hakikisha anayesema hivyo ni mkweli. Injini ikiwa ya moto na imetulia, mtu mmoja atazame voltí ya sensa ya mbele kwenye mashine. Wewe chomoa kwa sekunde chache mpira mwembamba wa hewa kwenye manifoldi. Voltí inatakiwa ianguke hadi karibu 0.1 na ikae hapo. Rudisha mpira, kisha kanyaga mafuta ghafla na uachie. Wakati wa kukanyaga inatakiwa irukie 0.8 au zaidi. Sensa inayofika juu na chini kwa haraka ni nzima, na kuibadilisha ni kutupa pesa. Ikigoma kupanda hata unapokanyaga, au ikitambaa taratibu kama imelala, hapo una haki ya kuishuku.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kama voltí imetulia karibu na 3.3, au 0.66 kwenye mashine za kawaida, na haipandi wala kushuka, gari lako lina sensa ya aina nyingine, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta moja kwa moja. Hiyo inasomwa kinyume: voltí ikipanda, hewa imezidi. Fundi anayeisoma kama ya kawaida ataihukumu bure. La pili, egzosti iliyopasuka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje kati ya mipigo ya moshi, na sensa inaona oksijeni ambayo haikupita kwenye injini. Washa gari asubuhi likiwa baridi, usikilize sauti ya "tik tik tik" kwenye gaskiti ya egzosti. Chuma kikipata moto ufa hujibana na sauti hupotea.

Sensa ya nyuma, baada ya masega, haihusiki sana hapa. Kazi yake kubwa ni kuchunga masega, na kuibadilisha hakutaiondoa P0171.

Kwenye IST yetu sensa ilishuka hadi 0.08 na kurukia 0.85. Inasema kweli. Tunaendelea.

Hatua ya tatu: kipimo kinachotenganisha hewa na mafuta

Hiki ndicho kipimo ambacho gereji nyingi hazikifanyi, na ndicho kinachookoa pesa nyingi kuliko vyote. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho na kulinganisha gramu za hewa zinazosomwa na gramu ambazo injini ya ukubwa huo inavuta kweli.

Injini ya lita 1.5 ina kiasi inachoweza kuvuta, na kiasi hicho kinakadiriwa kwa hesabu fupi:

```
g/s = lita × rpm ÷ 120 × uzito wa hewa (g/L) × 0.85
1.5 × 4000 ÷ 120 = 50 L/s
50 × 1.0 × 0.85 = 42 g/s
```

Hiyo 0.85 inawakilisha kwamba silinda hazijai kabisa. Uzito wa hewa ndipo mwinuko unapoingia. Arusha mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na lita moja ya hewa siku ya joto la kawaida ina uzito wa karibu gramu 1.0. Moshi iko chini zaidi, chini kidogo ya mita 900, na lita ina kama gramu 1.06. Dar es Salaam, pwani kabisa, ni kama 1.16. Kwa hiyo injini ileile nzima, kwenye mizunguko 4,000, inatakiwa isome karibu 42 Arusha, 45 Moshi na 49 au 50 Dar. Anayeazima namba za Dar akapimia gari Arusha ataona upungufu wa asilimia 15 na kulaumu sensa isiyo na kosa.

Kwa sababu hiyohiyo, madai kwamba gari linatoa P0171 "kwa sababu ya milima" hayana msingi kwa gari lenye sensa ya hewa. Hewa ikiwa nyepesi sensa inasoma gramu chache, na kontroli boksi inapunguza mafuta kulingana nazo. Nguvu inapungua kweli, lakini mchanganyiko unabaki sawa. Ukitoka Moshi kwenda Marangu na marekebisho yakapanda njiani, kinachoyapandisha ni mzigo wa mlima. Mwinuko wenyewe hauna hatia.

Fanya kipimo kwenye barabara iliyo wazi na isiyo na watu, ikiwezekana yenye kupanda kidogo, mwenzako akisoma mashine. Dereva asiangalie kioo. Weka gia kwenye 2 ili gari lisibadilishe lenyewe, kanyaga mpaka mwisho, na msomaji arekodi MAF mizunguko ikipita 4,000. Kwenye IST mwendo utakuwa kilomita 70 na kitu, kwa hiyo chagua sehemu ambayo mwendo huo unaruhusiwa. Chagua namba mbili tu kwenye mashine, mizunguko na MAF. Ukiacha kumi zimefunguliwa, magari ya zamani hutuma taarifa polepole na utasoma namba ya sekunde mbili zilizopita. Rudia mara tatu uchukue ya juu.

IST yetu ilisoma 31, mahali pa 42. Gawanya 42 kwa 31, unapata 1.35: mafuta yanayohitajika ni asilimia 35 zaidi ya yale sensa inayoyaombea. Sensa ya hewa imekamatwa. Kama ingesoma 41 huku marekebisho yakiwa yaleyale, hewa ingekuwa inapimwa vizuri na lawama ingehamia kwenye mafuta: filta, pampu, au nozeli. Hapo ungefunga geji ya presha. Kwa 1NZ-FE presha inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50, na isianguke unapokanyaga.

Namba hizo pia zinaeleza malalamiko ya mwenye gari: "Fundi, tambarare haina shida, mlimani inakufa." Ukikanyaga mpaka mwisho kontroli boksi huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni, kwa sababu wakati huo injini inataka mafuta mengi kuliko uwiano wa kawaida. Inatumia sensa ya hewa pamoja na kile ilichojifunza, asilimia 18. Kilichohitajika ni 35. Pengo lililobaki linakula ile nyongeza ya nguvu na kinga ya injini. Silinda zinapata joto, injini inagonga, na kontroli boksi, ikisikia kugonga huko kupitia sensa yake, inachelewesha cheche za plagi. Gari linazidi kulegea. Kuliendesha hivyo na mzigo kwa miezi si jambo dogo, linaunguza valvu.

Hatua ya nne: kuisafisha sensa, na kutafuta uchafu ulikopitia

Zima gari, toa ufunguo, acha dakika kumi. Chomoa soketi kwa kubonyeza kile kidole cha plastiki, usivute waya. Fungua skrubu mbili za nyota na uitoe sensa ikiwa imenyooka. Ina waya tano, kwa sababu ndani yake imo pia sensa ya joto la hewa, ile punje ndogo inayoonekana haraka. Waya wenyewe wa kupimia umejificha ndani ya kijitundu, na hapo ndipo pa kuelekeza spirei.

Pulizia mara kumi hadi kumi na tano kwa umbali wa sentimita kumi, ukiigeuza ili uchafu utoke na kimiminika. Usiiguse kwa kidole, pamba, brashi wala kijiti. Usiipulize kwa kompresa, waya ni mwembamba na utakatika. Usitumie petroli wala kabureta klina: hubakisha utando, na nyingine hula plastiki. Iache ikauke dakika 20 bila kuiharakisha. Angalia ringi ya mpira kama haijapasuka, irudishe, funga skrubu kwa mkono mwepesi kwa sababu zinashika kwenye plastiki.

Sasa jiulize vumbi lilifikaje hapo, maana ea klina ipo mbele ya sensa. Ingiza kitambaa cheupe kwenye bomba, upande ambao hewa tayari imechujwa, ufute. Kikitoka na vumbi la kijivu au jekundu, uchujaji haufanyi kazi. Vumbi la volkano la barabara za pembeni huku kwetu ni laini mno, na linapita mahali ambapo macho hayaoni upenyo. Kwenye IST yetu klipu moja ya boksi la ea klina haikuwepo na kona moja ya mfuniko ilikuwa imeinuka milimita mbili. Hilo linatosha.

Sababu nyingine ya kawaida ni kupuliza ea klina ya karatasi kwa kompresa kila gari linapooshwa. Presha ya kompresa hufungua vitundu vya karatasi, na ukiielekeza kwenye jua utaona mianga midogo. Ibadilishe. Kama unafanya safari nyingi za barabara za vumbi, iangalie kila kilomita 5,000 badala ya kusubiri ratiba ya kitabu, na ukiigonga taratibu kuitoa vumbi, igonge tu, usiipulize kutoka nje kwenda ndani. Ea klina zile za kupaka mafuta nazo zina shida yake: mafuta yakizidi yanarushwa kwenye waya na kushika vumbi kama gundi.

Ukiwa hapohapo, na injini ikiwaka kwenye sailensi, pulizia maji kidogo kwa chupa kwenye maungio ya mipira ya manifoldi, mpira wa busta ya breki, mpira wa pumzi ya injini na kingo za gaskiti ya manifoldi. Maji yakiziba njia ya hewa ya wizi, injini itabadilisha sauti au marekebisho ya muda mfupi yatayumba. Epuka kulowesha koili na soketi. Wapo wanaotumia kabureta klina kwa kazi hii. Inafanya kazi, lakini karibu na egzosti ya moto inawaka, na maji yanatoa jibu lilelile.

Hatua ya tano: futa, tembeza, thibitisha

Futa kodi kwa mashine, ambayo itafuta pia marekebisho ya muda mrefu. Ukiacha kuyafuta, kontroli boksi itaendelea kuongeza asilimia 18 kwenye sensa ambayo sasa inasoma vizuri, gari litatoa moshi mweusi na harufu ya petroli kwa muda. Kuchomoa betri kunafanya kazi hiyohiyo kwenye magari mengi, ila sailensi inaweza kusumbua mpaka ijifunze upya.

Tembeza angalau kilomita 20 au 30 kwa mwendo mchanganyiko: foleni kidogo, barabara wazi, mlima. Arusha hadi Usa River na kurudi inafaa. Ukiwa Moshi, pitia Himo upande kuelekea Marangu. Kisha rudia vipimo vilevile, sehemu zilezile. IST yetu ilirudi na jumla ya asilimia 3 kwenye sailensi na 4 kwenye mizunguko 2,500, na kwenye mlima sensa ilisoma 41.

Kama baada ya kusafisha imepanda kutoka 31 hadi 35 tu, waya umechoka na sensa inahitaji kubadilishwa. Hapa angalia namba iliyochapwa kwenye mwili wake. Sensa za hewa za Toyota huanza na 22204, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Sensa mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja, kushika skrubu zilezile na soketi ileile, lakini zikatoa voltí tofauti kwa hewa ileile, na utakuwa umenunua P0171 nyingine. Kati ya nakala mpya ya bei rahisi na ya Denso iliyotumika yenye namba sahihi, tunachagua ya Denso, kwa sharti kwamba inafungwa na kupimwa barabarani kabla ya kulipia. Funga, futa, panda mlima, soma MAF kwenye mizunguko 4,000. Muuzaji anayekataa kipimo hicho cha robo saa, tafuta mwingine.

Gari lisilo na sensa ya hewa, kama Honda nyingi za zamani, linapima presha ndani ya manifoldi badala yake. Hewa ya wizi huko inaingia kwenye hesabu kwa sababu inapandisha presha, kwa hiyo dalili yake kubwa ni sailensi kupanda, na kipimo cha gramu hakitumiki. Ukikuta P0171 kwenye gari la aina hiyo, anza na presha ya mafuta na egzosti iliyopasuka.